Picha za wafanyakazi kwa tovuti ya kampuni: karatasi nyeupe, taa moja na futi kamba

Fungua ukurasa wa wafanyakazi wa kampuni yoyote iliyodumu miaka kadhaa, na mara nyingi utaweza kukisia nani aliingia na kundi lipi. Wanne wa kwanza wamepigwa mbele ya ukuta wa samawati. Watatu wanaofuata wako nje, jua liko utosini na macho wameyafinya. Yuko na mmoja ambaye picha yake imekatwa kutoka kwenye picha ya sherehe. Begani bado vinaonekana vidole vya mtu mwingine. Picha moja moja inaweza kuwa nzuri, ila zikipangwa pamoja zinaonekana kama zimeokotwa.

Kasoro hiyo haitokani na kamera mbovu. Inatokana na umbali ambao haukupimwa na mipangilio ambayo hakuna aliyeiandika. Kwa hiyo mwongozo huu unashughulikia kazi moja tu: wafanyakazi 24, chumba kimoja cha mikutano, asubuhi moja, na yule wa 25 atakayeajiriwa miezi sita baadaye, ambaye picha yake lazima ikae katikati ya wenzake bila mtu kujua kuwa ilipigwa siku nyingine.

Unachohitaji

Chumba kiwe na urefu wa mita 5 hivi. Mita 1.5 ni za kutoka kwenye karatasi ya nyuma hadi kwa anayepigwa, mita 2 kutoka kwake hadi kwenye kamera, na zinazobaki ni zako wewe wa kupumua na kupita. Upana wa mita 3 unatosha.

Vifaa ni vichache: kamera yenye lenzi ya milimita 85 (kama sensa ya kamera yako ni ndogo, ile ya APS-C, tumia lenzi ya milimita 50 hadi 56), stendi ya kamera, flashi moja ya studio na stendi yake, sofboksi (kasha la kitambaa la kulainisha mwanga wa flashi) ya upana wa sm 90 hadi 100, ubao mwepesi mweupe wa sm 70 kwa 100, na roli ya karatasi nyeupe ya kupigia picha. Roli pana za kawaida zina mita 2.72, lakini ile nyembamba ya mita 1.35 inatosha kwa picha za kichwa na mabega, tena inabebeka. Ongeza stuli isiyo na magurudumu inayopanda na kushuka, tepu ya kubandika sakafuni, na futi kamba. Hiyo futi kamba ndiyo itakayofanya kazi kubwa kuliko vyote.

Usitumie shuka au pazia badala ya karatasi. Kitambaa kina mikunjo, na mikunjo haijirudii. Picha ya leo na ya mwezi ujao zitakuwa na mistari tofauti nyuma ya sikio.

Karatasi nyeupe itakayotoka kijivu

Wengi hununua karatasi ya kijivu ili wapate kijivu. Nunua nyeupe, kisha uache umbali ukufanyie kazi.

Mwanga wa taa hupungua haraka kuliko macho yanavyodhani: umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaofika ni robo. Katika mpango huu uso uko sm 135 kutoka mbele ya sofboksi, na karatasi ya nyuma iko karibu sm 270 kutoka hapo hapo. Umbali mara mbili, mwanga robo. Karatasi nyeupe hurudisha takriban asilimia 90 ya mwanga unaoipiga. Gawanya kwa nne, unapata asilimia 22 hivi. Kijivu cha wastani ambacho wapiga picha hupimia mwanga ni asilimia 18. Yaani karatasi nyeupe, bila taa yake yenyewe, inatoka kijivu kilichokolea kiasi, na uso unabaki na mwanga kamili.

Kijivu hicho kina faida nyingine. Nywele nyeusi hazizami ndani yake kama zinavyozama kwenye karatasi nyeusi, na shati jeupe au kitambaa cheupe cha kichwani hakipotei kama kinavyopotea kwenye nyeupe tupu. Ukitaka nyuma pawe peupe kabisa utahitaji angalau taa moja zaidi ya kuangaza karatasi peke yake, kwa kawaida mbili ili pande zote zilingane. Na zikizidi nguvu kidogo tu, mwanga unaorudi kutoka nyuma hula kingo za nywele na mashavu. Kwa tovuti ya kampuni sioni faida ya kujitafutia usumbufu huo.

Lakini elewa kinachofuata kutokana na hesabu hiyo: kijivu chako ni umbali. Mtu akisogea nusu mita kuelekea karatasi pamoja na taa yake, karatasi inapanda kutoka asilimia 22 hadi zaidi ya 30, na picha yake itaonekana imepigwa kwingine. Ndiyo maana kila kitu kinabandikwa tepu.

Chumba kidogo chenye kuta nyeupe nacho huingilia. Mwanga hugonga ukuta wa pembeni, unarudi kwenye karatasi na kuiangaza. Ukiona kijivu ni chepesi kuliko ulivyotarajia, ning'iniza kitambaa cheusi upande wa ukuta ulio karibu zaidi na karatasi, au ukubali kijivu hicho na ukiandike. Kijivu cha aina yoyote kinafaa, mradi kisibadilike kati ya mtu wa kwanza na wa mwisho.

Kupanga chumba

Fanya haya jioni ya kuamkia siku ya picha, si asubuhi wakati watu wameshaanza kuchungulia mlangoni.

1. Tundika karatasi kwa urefu wa mita 2.2 na uiache ishuke wima. Si lazima ifike sakafuni, ikifika sm 50 kutoka chini inatosha. Bana ncha za chini kwa vibanio vyenye uzito kidogo. Karatasi iliyokaa kwenye roli hujikunja. Ikining'inia usiku mzima inanyooka.

2. Weka stuli ili uso wa anayekaa uwe sm 150 kutoka kwenye karatasi. Bandika tepu kuzunguka kila mguu wa stuli.

3. Weka kamera sm 200 kutoka usoni, ikiwa wima, kitovu cha lenzi kikiwa sm 120 kutoka sakafuni. Isiinamishwe juu wala chini. Bandika tepu kwenye miguu ya stendi.

4. Taa: kutoka usoni, pima sm 110 kuelekea kamera, kisha sm 65 kwenda kushoto kwa kamera. Kitovu cha sofboksi kiwe sm 170 kutoka sakafuni, kikiinama kumtazama aliyekaa. Sasa pima kwa futi kutoka mbele ya sofboksi hadi kwenye pua: upate sm 135 au karibu na hapo. Tepu tena.

5. Ubao mweupe usimame kulia, sm 60 kutoka shavuni, ukitazamana na taa. Huu ndio unaofanya mwanga uwe sawa pande zote mbili: unachukua mwanga uliopita na kuurudisha kwenye shavu lililo kivulini.

Watu hutumia pia taa mbili zenye nguvu sawa, moja kila upande. Mwanga unakuwa sawa, ni kweli, ila pua inaweza kupata vivuli viwili, macho yanapata nukta mbili za mwanga zinazofanana, na uso unakuwa bapa kama wa kitambulisho. Taa moja kubwa na ubao huacha upande mmoja ukiwa na giza kidogo tu, la kutosha kuonyesha kwamba uso una umbo.

Jaribio: mkalishe mtu yeyote, piga picha moja, angalia kivuli cha pua. Kinatakiwa kiwe kifupi, laini, kikielekea pembe ya mdomo bila kuigusa. Kikinyooka kwenda shavuni, taa iko pembeni mno. Kikishuka hadi mdomo wa juu na macho yakawa kama mashimo, taa iko juu mno. Ishushe sm 10 na ujaribu tena.

Kamera: kila kitu kwa mkono

Weka modi ya `M`, tundu la lenzi `f/5.6`, kasi `1/160`, `ISO 100`, rangi ya mwanga `5500 K`, na faili ya `RAW`. Hakuna chochote kiachwe kwenye `Auto` isipokuwa kutafuta jicho. Kamera ikijiamulia mwanga, itaona shati jeupe na kufanya uso kuwa mweusi. Mtu anayefuata akija na koti jeusi, itafanya uso kuwa mweupe kupita kiasi. Ikijiamulia rangi, sweta jekundu litaifanya iusogeze uso kuelekea kijani au samawati. Mtu 24, nguo 24, rangi za ngozi zisizo na uhusiano na wenyewe.

`f/5.6` ina sababu. Kwa lenzi ya milimita 85 na umbali wa mita 2, sehemu iliyo kali kwenye picha ina kina cha sm 18 hivi, yaani kutoka ncha ya pua hadi nyuma ya masikio. Kwa `f/2` kina hicho kinabaki kama sm 6 na nusu: jicho moja kali, sikio limeyeyuka. Inapendeza kwa picha ya harusi, lakini ukurasani, kati ya watu 24, mtu akigeuka kidogo tu jicho la pili linapotea.

Umbali wa mita 2 nao una sababu. Ukisogea hadi sm 60 kwa lenzi fupi ili ujaze fremu, pua inakuwa karibu zaidi na kamera kuliko masikio kwa kiasi kinachoonekana, na uso unavimba katikati. Ndiyo kasoro ya picha za kujipiga kwa simu. Kama simu ndiyo pekee uliyo nayo, tumia lenzi yake ya `2x` au `3x`, simama mita 2 vilevile, ifunge kwenye stendi, na ufunge mwanga kwa kubonyeza kioo kwa muda usoni mpaka iandike kuwa imefungwa. Flashi ya studio haitaitikia simu, kwa hiyo utahitaji taa inayowaka muda wote. Epuka dirisha: wingu moja likipita, watu wanne wanakuwa na rangi nyingine.

Sasa nguvu ya flashi. Kwanza izime na upige picha moja. Inatakiwa itoke nyeusi au karibu nyeusi. Kama uso unaonekana, kuna mwanga wa chumba au wa dirishani unaoingia, nao una rangi yake, funga mapazia. Taa za dari unaweza kuziacha, kwa mipangilio hii hazina nguvu, na mtu hujisikia vizuri zaidi kuliko akikaa gizani.

Kisha washa flashi, mwombe aliyekaa ashike karatasi nyeupe ya A4 karibu na shavu, ikitazama kati ya taa na kamera. Washa onyo la kamera linalomulika sehemu zilizoungua kwa mwanga. Panda nguvu ya flashi hatua kwa hatua mpaka karatasi ianze kumulika, halafu shuka kidogo mpaka iache kabisa. Hapo ndipo. Nyeupe iko ukingoni mwa nyeupe, na kila ngozi itaangukia mahali pake pa kweli. Andika nguvu hiyo na usiiguse tena mpaka mtu wa mwisho.

Je, mwenye ngozi nyeusi sana na mwenye ngozi nyeupe sana wapigwe kwa mwanga ule ule? Ndiyo. Ukiongeza nguvu kwa mmoja, karatasi ya nyuma nayo inapanda. Kwa ngozi nyeusi, umbo la uso huonekana kwa mng'ao kuliko kwa vivuli, kwa hiyo unachohitaji ni eneo kubwa jeupe la kung'aa juu yake: sogeza ubao kutoka sm 60 hadi sm 40. Shavu linapata mstari laini wa mwanga, macho yanafunguka, na karatasi ya nyuma haibadiliki kwa sababu ubao hauielekei. Wakati wa kuhariri unaweza kuinua mwanga wa uso peke yake kidogo. Usimng'arishe mtu afanane na jirani yake. Atakapofika kwenye mkutano watu watajiuliza ni nani.

Mtu anapokaa

Badala ya kupandisha kamera na taa kwa kila urefu, mpandishe mtu. Kamera iko sm 120 na haijainama, kwa hiyo kazi yako ni kupandisha au kushusha stuli mpaka macho yaangukie kwenye alama ya katikati ya fremu. Mrefu anashuka, mfupi anapanda, na macho ya wote 24 yanakuwa katika umbali ule ule na taa ile ile. Utaona nafasi kubwa tupu juu ya kichwa. Usijali, utaikata baadaye.

Bandika vipande viwili vya tepu sakafuni kwa ajili ya vidole vya miguu, vimegeuka kidogo kuelekea taa. Miguu ikigeuka, mabega yanafuata, na mtu hachukui upana wote wa fremu kama mlango. Uso pekee ndio unaorudi kwenye kamera. Mikono ikae juu ya mapaja. Ikining'inia, mabega yanavutwa chini na shingo inakaza.

Aliyevaa koti avute pindo la nyuma na kulikalia. Usipofanya hivyo kola inapanda hadi kwenye masikio, na hilo halirekebishwi kwa kompyuta bila kuonekana.

Kisha kidevu. Mtu akiambiwa "kaa vizuri" hurudisha kichwa nyuma, na ngozi ya chini ya kidevu inajikusanya hata kwa mwembamba. Mwambie asogeze uso mbele kidogo kama anayejaribu kusikia maneno ya chumba cha pili, halafu ashushe kidevu kidogo. Atakuambia anajisikia kama kobe. Ni kweli, ila kutoka mbele haionekani. Kinachoonekana ni taya lililonyooka. Usimshike kichwa kumwelekeza. Simama kando ya kamera, fanya mwenyewe, naye atakufuata kama kioo.

Uso uliotulia

Hapa ndipo picha nyingi zilizopangwa vizuri huharibika. Taa ni sawa, karatasi ni sawa, na watu 24 wanatazama kama wanasubiri sindano.

Mwaka 1862 daktari Mfaransa Guillaume Duchenne alieleza tofauti ambayo wapiga picha huiona kila siku: msuli unaovuta pembe za mdomo unatii amri, lakini ule unaozunguka jicho kwa watu wengi hautii. Ukisema "tabasamu", mdomo unatabasamu peke yake. Ukisema "sema chiiizi", mdomo unatanuka pembeni na macho yanabaki wazi, yakikodoa. Tazama kope za chini: kwenye furaha ya kweli hupanda kidogo na shavu linajaa. Kama kope ya chini imelala, hiyo picha haifai hata kama meno yote yanaonekana.

Kwa hiyo usiombe tabasamu. Uliza swali dogo linalohitaji jibu la maneno machache, lisilohusu kazi wala picha. "Jina lako watu hulikosea vipi?" "Kati ya vitu vya ofisini, kipi kingekuwa na mdomo kingelalamika zaidi?" Swali gumu linakunja paji la uso, na swali la ndiyo au hapana halizai kitu. Mtu anapojibu usipige, kwa sababu mdomo unaosema hukamatwa ukiwa umepinda. Subiri amalize. Kuna kipindi cha sekunde moja hivi baada ya jibu, mdomo unapofunga au kubaki wazi kidogo na macho bado yana kile kicheko kinachoshuka. Piga tatu mfululizo hapo. Kicheko chenyewe kinafunga macho na kuinua kidevu, mwisho wake ndio unaopendeza.

Tabasamu likishikiliwa zaidi ya sekunde mbili au tatu linaganda. Ukiliona limeganda, usiendelee kupiga. Mwambie atazame sakafuni, atoe pumzi yote, kisha ainue macho tu kwenye lenzi ukihesabu mpaka tatu. Mara nyingi picha ya "tatu" ndiyo inayochaguliwa.

Wapo wasiotabasamu mbele ya kamera, na si lazima. Kwao lenga uso laini: midomo imekutana bila kubanwa, meno ya ndani yameachana, kiwiliwili kimeinama mbele kwa sm chache kama mtu anayesikiliza. Urafiki unaonekana kwenye mwinamo huo hata bila jino moja kuonekana.

Picha tano za kwanza mwambie wazi kuwa ni za kupima taa. Hata kama taa imeshapimwa, hiyo inampa muda wa kuzoea mwanga wa flashi bila kujibana. Na funga mlango. Mwenzake mmoja anayechungulia na kutania humfanya mtu acheke kupita kiasi au ajifunge kabisa.

Baada ya picha 20 hadi 25, mwonyeshe tatu bora, achague moja palepale. Wengi watasema "huyu si mimi". Wamezoea sura yao ya kwenye kioo, ambayo kulia na kushoto zimebadilishana, kwa hiyo nywele zilizogawanywa upande na nyusi iliyo juu kidogo huonekana zimehamia upande usio wake. Waeleze hivyo, utaona mabega yanashuka. Akizikataa zote tatu, mpe dakika mbili zaidi, si kumi. Baada ya hapo uso unachoka na kila picha inakuwa mbaya kuliko iliyotangulia.

Ratiba ya asubuhi

Dakika 8 kwa kila mtu zinatosha. Panga sita kwa kila saa: dakika 48 za kazi na 12 za kufidia aliyechelewa. Ukianza saa tatu asubuhi, wa 24 anamaliza kabla ya saa saba mchana. Picha zitakuwa kama 600. Hakikisha kadi tupu na betri ya akiba vipo. Mkurugenzi asiwe wa kwanza, kwa sababu wa kwanza ndiye anayekufichulia kosa la taa, wala asiwe wa mwisho, wakati wewe mwenyewe umechoka kuuliza maswali.

Ujumbe kwa wafanyakazi, siku mbili kabla, uwe mfupi: nguo ya rangi moja au yenye michoro mikubwa, isiwe na vimistari vyembamba vilivyobanana kwani huleta mawimbi ya rangi kwenye picha, beji ivuliwe, wenye miwani waje nayo.

Miwani ikirudisha mwanga wa sofboksi, usihamishe taa. Inua mikono ya miwani sm 1 juu ya masikio ili vioo viiname chini. Mng'ao unaelekea sakafuni na kutoka mbele hakuna anayeona. Miwani inayojitia giza juani ivaliwe ndani ya chumba kwa dakika kadhaa kabla ya zamu. Kwa jasho na mng'ao wa paji la uso au upara, karatasi laini ya kufutia ikandamizwe taratibu, isisuguliwe.

Kukata picha ziwe sawa

Rekebisha picha ya mtu mmoja, kisha nakili marekebisho hayo kwa wote kwa mkupuo. Kama ulifuata vipimo, hapo kazi ya rangi imekwisha. Ondoa chunusi au mkwaruzo utakaopona baada ya wiki. Makovu na madoa ya kudumu yaache.

Kukata ndiko kunakoamua kama ukurasa utaonekana mmoja. Chukua mraba wa pikseli 800 kwa 800, unaotosha kwa nafasi ya 400 hata kwenye vioo vyenye pikseli nyingi. Weka mstari wa macho pikseli 320 kutoka juu, na ncha ya kidevu pikseli 530. Kuza au punguza kila picha mpaka macho na kidevu vikae hapo. Usipime kwa utosi: mwenye nywele zilizoinuka atakuwa na uso mdogo, na mwenye upara atakuwa na uso kama sinia. Kama tovuti hukata picha kwa duara, jaribu na mwenye nywele nyingi zaidi kabla ya kukata wengine. Zikigusa ukingo, punguza wote kwa kiasi kile kile.

Hifadhi kwa `JPEG`, ubora wa 80 hivi, rangi za `sRGB`. Rangi za `Adobe RGB` zikipakiwa tovutini bila maelezo yake, ngozi hufifia kama iliyolala hospitali.

Mtu wa 25

Kabla ya kung'oa tepu hata moja, piga picha ya mpango mzima kutoka pembeni na nyingine kutoka nyuma ya kamera. Kwenye karatasi moja andika vipimo vyote, mipangilio ya kamera na nguvu ya flashi. Kisha fungua picha iliyokamilika, weka kipima rangi cha programu kwenye karatasi ya nyuma, sm chache kando ya sikio la upande wa taa, na uandike namba zake tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya samawati. Tuseme ni 135, 135, 135. Fanya hivyo pia kwenye ile picha ya majaribio yenye karatasi ya A4 shavuni, tuseme 245. Hifadhi faili hiyo pamoja na kipande kilichobaki cha roli.

Miezi sita ikipita, panga upya kwa futi, mkalishe mgeni na A4 yake, piga, soma namba hizo mbili. Zote mbili zikiwa juu au zote chini, tatizo ni nguvu ya flashi, irekebishe. A4 ikisoma 245 lakini nyuma ikasoma 150, ama stuli imeisogelea karatasi, ama taa iko mbali na uso kuliko mara ya kwanza na nguvu imepandishwa kufidia, ama kuna ukuta mweupe ambao chumba cha kwanza hakikuwa nao. Nyuma ikisoma 120, ni kinyume chake: stuli imeachana na karatasi au taa imekaribia mno. Namba tatu zikitofautiana zenyewe kwa zenyewe, mfano 135, 138, 128, kuna mwanga wa rangi nyingine unaoingia. Zima flashi, piga picha ya giza, na utafute pazia lililo wazi.